Barua tatu za kuondoka kazini: kuzilinganisha kabla ya kutia sahihi

Mpwa wangu alikuwa anaendesha foklifti katika yadi moja ya makontena upande wa Miritini. Tarehe 30 Septemba 2025 alipewa barua ya kwanza, akaambiwa kampuni inakusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imepungua. Sababu hiyo haikumshangaza mtu. Tangu makontena yaanze kupandishwa treni ya SGR kwenda Nairobi moja kwa moja, yadi nyingi za hapa Mombasa zimekuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Wiki mbili baadaye aliitwa ofisini pamoja na wenzake, wakawekewa karatasi tatu mezani, wakaambiwa kila mtu achague yake kabla ya mwisho wa Oktoba.

Alinijia Kisauni Ijumaa jioni na bahasha ya kaki imelowa pembeni kwa mvua. "Mjomba," akaniambia, "wenzangu karibu wote wanaitaka hii ya tatu. Ndiyo yenye pesa nyingi."

Mimi nimeandaa mishahara miaka mingi katika ofisi za kliaringi, na barua za namna hii nimezichapa kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilimwambia aniletee karatasi ya mshahara, barua ya kuajiriwa na rekodi yake ya likizo, kisha tukae na kikokotoo. Karatasi zenyewe zilikuwa hivi.

Ya kwanza: kazi inakwisha tarehe 31 Oktoba, na badala ya kufanya kazi mwezi wa notisi analipwa mwezi huo kwa pesa. Ofisi imeandika jumla: shilingi 183,560.

Ya pili: anapewa notisi na anaifanyia kazi mpaka tarehe 30 Novemba, ndipo aondoke. Jumla haikuandikwa. Imeandikwa tu "malipo ya mwisho yatahesabiwa".

Ya tatu: anajiuzulu mwenyewe kwa hiari, na kampuni inampa shilingi 220,000 za "shukrani". Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna sentensi inayosema amepokea haki zake zote na hana dai lolote sasa wala baadaye.

Ukizitazama hivyo, ya tatu inaipita ya kwanza kwa zaidi ya elfu 36. Sikuwashangaa wenzake. Lakini 183,560 ni hesabu ya ofisi. Swali la kwanza ni iwapo hesabu hiyo ni sawa.

Vipande vitatu vya jumla

Mtu akipunguzwa kazi Kenya bila kosa lake, kinachotawala ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mbali na mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi, malipo yake yana vipande vitatu. Kuna notisi ya mwezi mmoja, ifanyiwe kazi au ilipwe. Kuna siku za likizo ambazo hakuzichukua, zinazogeuzwa pesa. Na kuna siverensi yenyewe, ambayo sheria inasema isipungue malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Watu huvihesabu vipande hivi kama vitu vitatu visivyojuana. Kumbe viwili vya mwisho vinategemea tarehe ya mwisho ya kazi, na tarehe hiyo inaamuliwa na jinsi notisi ilivyotolewa. Tutarudi hapo, maana ndipo karatasi ya pili ilipoficha pesa yake.

Mshahara wa mpwa wangu ni huu: msingi 31,200, marupurupu ya nyumba 4,680, jumla 35,880 kwa mwezi kabla ya makato. Barua ya kuajiriwa ina tarehe 18 Novemba 2015. Likizo: mwaka 2024 alibakisha siku 7. Mwaka 2025 alichukua siku 6 tu, wakati wa Idi.

Bei ya siku moja

Kabla ya kuzidisha chochote lazima ujue siku moja ya mtu huyu ina thamani gani. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hupotea kimya kimya kwa sababu karatasi huonyesha jumla tu.

Ofisi ilichukua mshahara wa msingi peke yake, 31,200, ikaugawa kwa 30, ikapata 1,040 kwa siku. Mimi nilichukua mshahara wote, 35,880, nikaugawa kwa 26, nikapata 1,380. Tofauti ni shilingi 340. Ni kidogo, mpaka uizidishe kwa siku 135 za siverensi, yaani siku 15 mara miaka 9.

Kwa nini 26? Kwa sababu sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na ukiondoa mapumziko hayo mwezi unabaki na siku 26 za kazi. Kwa likizo hoja hii ni nzito, maana sheria inahesabu likizo kwa siku za kazi: zisipungue 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Huwezi kumhesabia mtu siku za kazi upande mmoja kisha ukamgawia mshahara kwa siku za kalenda upande wa pili. Na mimi neno "mshahara kamili" nalisoma kwamba marupurupu ya nyumba yamo.

Kwa siverensi mambo hayako wazi hivyo, na sitaki kumdanganya mtu. Sheria inasema malipo ya siku 15 kwa mwaka, basi. Haisemi ugawe kwa 26 au 30, wala haisemi kama ni msingi tu au mshahara wote. Waajiri wengi hugawa kwa 30. Mawakili wa wafanyakazi hudai 26. Hukumu zimetoka za pande zote mbili. Kwa hiyo nilipomfanyia hesabu niliweka viwango viwili vya siverensi: cha juu, 1,380 kwa siku, na cha katikati, mshahara wote kwa 30, yaani 1,196. Likizo na notisi nimeziacha kwa mshahara wote, maana hapo sioni pa kubishania sana.

Karatasi ya kwanza, ikihesabiwa upya

Notisi ni mwezi mmoja mzima: 35,880. Ofisi ilikuwa imeweka 31,200, kana kwamba mtu akiondoka nyumba yake hailipiwi kodi mwezi huo.

Likizo. Siku 21 ukizigawa kwa miezi 12 ni siku 1.75 kwa mwezi. Kutoka Januari mpaka Oktoba ni miezi 10, sawa na siku 17.5. Toa 6 za Idi, zinabaki 11.5. Ofisi iliishia hapo, ikasema zile 7 za mwaka 2024 "zimeungua" mwezi wa Desemba. Hazijaungua. Sheria inataka sehemu moja ya likizo, wiki mbili mfululizo, ichukuliwe ndani ya mwaka wake, lakini zinazobaki zinaweza kuchukuliwa mpaka miezi 18 baada ya mwaka huo kwisha. Mwaka wa 2024 ulikwisha Desemba, kwa hiyo siku zake zilikuwa hai mpaka Juni 2026. Basi ni 11.5 na 7, jumla siku 18.5. Mara 1,380, ni 25,530.

Niseme jambo moja la karani mzee. Mwajiri ndiye anayetakiwa kisheria kuweka rekodi za likizo. Ukisikia "hatuna rekodi ya siku hizo", jibu lake si kuzifuta. Mpwa wangu alikuwa na picha ya fomu ya likizo kwenye simu, na baki ya siku 7 imeandikwa kwa kalamu ya msimamizi mwenyewe. Picha hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 9,660.

Siverensi. Kutoka 18 Novemba 2015 mpaka 31 Oktoba 2025 ni miaka 9, miezi 11 na siku kadhaa. Sheria inahesabu mwaka uliotimia tu, kwa hiyo ni 9. Siku 15 mara 1,380 ni 20,700 kwa mwaka, mara 9 ni 186,300.

Jumla ya karatasi ya kwanza ni 247,710. Ukishusha siverensi kwenye kiwango cha katikati, inakuwa 161,460, na jumla inateremka mpaka 222,870.

Tazama namba hiyo ya mwisho. Hata ukimwachia mwajiri ubishi mkubwa kabisa, ule wa 30 na 26, karatasi ya kwanza bado inaipita bahasha ya 220,000. Bahasha ilionekana nene kwa sababu iliwekwa kando ya hesabu iliyokondeshwa.

Karatasi ya pili na tarehe 17 Novemba

Hii ndiyo karatasi ambayo hakuna aliyeitaka. Nani apende kwenda kufanya kazi mwezi mzima mahali ambapo ameshaambiwa hatakiwi?

Lakini angalia kalenda. Mpwa wangu anatimiza miaka 10 tarehe 17 Novemba. Karatasi ya kwanza inamkata siku 17 kabla. Sijui kama ofisi ilikusudia au ni bahati tu, na sina haja ya kujua. Akifanya kazi notisi yake mpaka tarehe 30 Novemba, utumishi wake unaivuka siku hiyo, na mwaka wa kumi unaingia wote: siku 15 zaidi, yaani 20,700.

Likizo nayo inasogea. Miezi inakuwa 11, sawa na siku 19.25. Toa 6, ongeza 7 za mwaka 2024, zinakuwa siku 20.25. Mara 1,380 ni 27,945. Mshahara wa Novemba ni 35,880 ule ule, isipokuwa sasa ameutolea jasho.

Siverensi ya miaka 10 ni 207,000. Jumla ya yote ni 270,825, au 243,225 kwa kiwango cha katikati.

Hivi ndivyo zinavyokaa pamoja, zote kabla ya kodi:

| | Ya kwanza: kuondoka 31 Oktoba | Ya pili: kufanya kazi mpaka 30 Novemba | Ya tatu: kujiuzulu |
|---|---|---|---|
| Notisi au mshahara wa Novemba | 35,880 | 35,880 | hakuna |
| Likizo | 25,530 (siku 18.5) | 27,945 (siku 20.25) | imemezwa ndani |
| Siverensi, 1,380 kwa siku | 186,300 (miaka 9) | 207,000 (miaka 10) | hakuna |
| Jumla | 247,710 | 270,825 | 220,000 |
| Jumla, siverensi kwa 1,196 | 222,870 | 243,225 | 220,000 |

Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni 23,115. Je, ndiyo bei ya kufanya kazi mwezi mzima? Ndiyo na hapana. Kwa ya kwanza, mwezi wa Novemba ni wake na umeshalipwa. Akipata kazi nyingine ya 30,000 kuanzia tarehe 3 Novemba, ya kwanza inashinda, maana atakuwa amepata mishahara miwili kwa mwezi mmoja. Asipopata, atakuwa amekaa barazani akinywa kahawa ya shilingi elfu 23. Kwa hiyo kati ya hizi mbili nilimuuliza swali moja tu: kuna mtu aliyekuahidi kazi, kwa tarehe na mshahara unaojulikana? Akasema kuna jamaa Changamwe alimwambia "tutaona". Hiyo si tarehe.

Kuna mtego mmoja ndani ya karatasi ya pili, na ofisi nyingi huutumia bila hata kuona haya. Baada ya mtu kukubali, anaambiwa, "Basi nenda ukachukue likizo yako Novemba." Novemba 2025 ina siku 25 za kazi ukihesabu Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa hiyo siku zake 20.25 zinaingia humo na nafasi inabaki. Likizo ikimezwa na notisi, 27,945 zinatoweka na jumla inashuka mpaka 242,880, chini ya karatasi ya kwanza kwa 4,830. Mwaka wa kumi bado ameupata na mwezi amepumzika, lakini si zile pesa alizodhani anazikubali. Dawa yake ni maneno machache kwenye barua kabla ya sahihi: likizo yote italipwa kwa pesa.

Karatasi ya tatu, na nani inamfaa

Nisiseme bahasha ni mbaya kwa kila mtu. Hesabu haisemi hivyo.

Kampuni iliweka 220,000 sawasawa kwa waendesha foklifti wote wa daraja moja, bila kujali miaka. Mwenzake mmoja ana mshahara huo huo, miaka 6 iliyotimia, na likizo siku 8. Kwa karatasi ya kwanza, hata kwa kiwango changu cha juu, anapata notisi 35,880, likizo 11,040 na siverensi 124,200. Jumla 171,120. Kwake bahasha inazidi kwa karibu elfu 49. Huyo nilisema mwache achukue, mradi akubali masharti yake. Nilijaribu kutafuta mpaka uko wapi. Kwa likizo kama ya mpwa wangu, mtu wa miaka 7 angepata 206,310 kwa njia ya kawaida, na wa miaka 8 angepata 227,010. Kwa hiyo kwa kiwango cha juu bahasha inapoteza uzuri wake kuanzia mwaka wa nane. Kwa kiwango cha katikati inaupoteza mwaka wa tisa.

Ndiyo maana pesa ya mkupuo hupendwa na waajiri. Inawapendeza vijana, ambao wangelipwa kidogo hata hivyo, na inawavuta wazee kwa kelele za vijana.

Lakini kuna kilichomo ndani ya karatasi ya tatu ambacho hakionekani kwenye jedwali. Ukijiuzulu, hukupunguzwa kazi. Kifungu cha 40 hakikuhusu tena, kwa hiyo siverensi si haki yako, ni hisani ya mwajiri, na hisani huja kwa wakati wa mwenye nayo. Aliye mwangalifu ataona pia kwamba anayejiuzulu ndiye anayedaiwa notisi. Nimewahi kuona mtu amejiuzulu kwa ahadi ya mdomo, halafu akakatwa mshahara wa mwezi mmoja kwa kutotoa notisi. Karatasi ya mpwa wangu haikusema popote kwamba kampuni imemsamehe notisi hiyo. Tukitoa 35,880 humo, bahasha inabaki 184,120.

Halafu ile sentensi ya herufi ndogo. Watu huniambia, "Karatasi ya hana dai haina nguvu, korti itaitupa." Msiitegemee hiyo. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mtu akitia sahihi makubaliano kama hayo kwa hiari yake na kwa kuelewa, yanamfunga. Hutupwa pale inapoonekana alitishwa, alidanganywa au hakuelewa alichotia sahihi, na kuthibitisha hilo ni kazi yako. Mtu aliyepewa wiki mbili za kusoma na karatasi tatu za kuchagua atapata shida kusema hakuelewa.

Kwa karatasi mbili za kwanza mlango unabaki wazi. Ukigundua baadaye kwamba hukutangaziwa mwezi mmoja kabla, au afisa wa leba hakuarifiwa kwa maandishi, au ulichaguliwa wewe ukaachwa mtu mgeni kuliko wewe bila kigezo chochote, unaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo chake hapa Mombasa. Ikiona uliachishwa isivyo haki inaweza kuongeza fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Una miaka 3 ya kufungua kesi. Simwambii mtu aende kortini, lakini ajue kwamba katika karatasi ya tatu ameuza hata hiyo nafasi, na bei yake iko ndani ya zile 220,000.

Maneno mawili ya ofisini yasikutishe

La kwanza: "Wewe unakatwa NSSF, kwa hiyo huna siverensi." Huyu amechanganya vitu viwili. Yapo malipo mengine yanayoitwa malipo ya utumishi, ambayo mtu anaweza kudai akiachishwa kazi kwa notisi ya kawaida, na hayo kweli hayampati aliye mwanachama wa NSSF. Siverensi ya kupunguzwa kazi haina sharti hilo. Nimewahi kuwasahihisha mameneja kwa jambo hili, na mmoja alinuna wiki nzima.

La pili: "Tunahesabu tangu tarehe ya barua." Mpwa wangu hakuhusika, lakini mwenzake mmoja alianza kama kibarua wa kulipwa kila siku katika yadi hiyo hiyo, karibu mwaka mzima kabla ya kupewa barua. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, anageuka kuwa mwajiriwa mwenye haki ya notisi. Miezi ile ya nyuma inaweza kuuvusha mwaka mzima. Kinachotakiwa ni ushahidi: ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya wakati ule, pasi ya getini, jina kwenye daftari la zamu. Huyo mwenzake alikuwa amebadilisha simu mara tatu, lakini taarifa za M-Pesa huombwa.

Kuhusu kodi nitasema kidogo. Namba zote hapo juu ni kabla ya PAYE, na ni lazima ulinganishe kabla kwa kabla. Muulize karani kama 220,000 ni kabla au baada. Na ukiona siverensi yote imejazwa kwenye mshahara wa mwezi mmoja, ikakatwa asilimia 30 karibu nzima, omba aisome tena miongozo ya KRA. Notisi na siverensi huhesabiwa kama mapato ya kipindi kinachofuata baada ya kuondoka, na siverensi hutandazwa mbele badala ya kurundikwa mwezi mmoja. Likizo huenda kwenye mwaka inaohusika.

Alivyofanya

Jumatatu alirudi ofisini na ukurasa mmoja. Hatukuandika malalamiko. Tuliandika mistari mitatu, notisi, likizo na siverensi, kila mmoja na siku zake, bei ya siku na jumla, tukaacha nafasi ya ofisi kuandika yake kando. Karani akajaza. Kwenye notisi alikubali 35,880 papo hapo. Kwenye likizo alipiga simu mara mbili kisha akakubali siku 7 baada ya kuonyeshwa ile picha. Kwenye siverensi alisema kampuni hugawa kwa 30 na haitabadili, lakini akakubali mshahara wote badala ya msingi. Yote haya katika dakika 40, mpwa wangu akiwa amesimama kwa sababu kiti cha pili kilikuwa na mafaili.

Alichagua ya pili. Akaandika kwa mkono chini ya barua, "Likizo siku 20.25 italipwa kwa pesa, si kuchukuliwa ndani ya notisi," naye meneja akatia sahihi kando ya maneno hayo. Ubishi wa 26 na 30 aliuacha, akijua ni shilingi 27,600 anaziacha na kwamba hajatia sahihi popote kuzisamehe. Jumla yake ikawa 243,225 kabla ya kodi, na hati ya utumishi juu yake, ambayo kila anayeondoka anastahili kupewa.

Tarehe 17 Novemba ilikuwa Jumatatu. Alinipigia simu saa nne asubuhi akiwa juu ya foklifti, kelele za injini nyuma yake. "Mjomba, kumi zimetimia," akasema, na akakata simu kwa sababu kulikuwa na lori linasubiri.